Uwezekano wa Mvua wa Asilimia 60: Jinsi ya Kuusoma, Kuukokotoa na Kuupima kwa Kopo

Kila msimu wa mvua unapoanza jijini Nairobi, maswali yale yale hunirudia kutoka kwa wanafunzi wangu wa hesabu, wazazi wao na majirani. Simu iliandika asilimia 60, mbona hapakudondoka hata tone? Je, ni asilimia 60 ya jiji au ni asilimia 60 ya siku? Na nambari yenyewe hutoka wapi?

Swali lililonifanya niketi na kuandika mwongozo huu liliulizwa na fundi mmoja anayejenga Kayole. Alikuwa amepanga kumwaga slabu siku ya Jumatano. Usiku wa kuamkia siku hiyo simu yake ilionyesha asilimia 60, naye akaahirisha kazi, akawalipa vibarua sehemu ya ujira wao na kurudisha mashine ya kuchanganyia zege. Kayole ilishinda kavu kutwa nzima, ilhali sisi tulioko upande wa Kawangware tulinyeshewa alasiri hadi barabara zikajaa maji. Jioni alinipigia simu. "Mwalimu," akaniambia, "sitini ni zaidi ya nusu. Si hiyo ni kusema kwamba itanyesha?" Nilimjibu kwamba sivyo, na kwamba utabiri ule haukuwa umekosea kwa sababu tu Kayole ilikauka. Yafuatayo ndiyo maelezo niliyomwahidi.

Mahitaji kabla ya kuanza

Utahitaji simu inayoonyesha utabiri kwa asilimia, ikiwezekana wa siku nzima na wa kila saa, daftari, kikokotoo, rula, kopo lenye kuta zilizonyooka na mdomo wa upana wa sentimita 10, na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, ambayo hupatikana katika duka lolote la dawa. Kopo na sirinji ni vya hatua ya mwisho, kwa hiyo usingoje kuvipata ndipo uanze.

Hatua ya 1: Andika tukio kwa ukamilifu

Asilimia haina maana mpaka ujue ni uwezekano wa jambo gani. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari andika sentensi moja yenye mambo matatu: mahali, muda na kiasi. Kwa fundi wetu sentensi ingekuwa hivi: "Kuna uwezekano wa asilimia 60 kwamba hapa Kayole, kati ya saa sita usiku wa kuamkia Jumatano na saa sita usiku wa kuamkia Alhamisi, itanyesha mvua ya kiasi kinachoweza kupimika."

Tuanze na kiasi, kwa kuwa ndicho kinachosahauliwa upesi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo imekuwa ikitoa asilimia hizi kwa umma tangu miaka ya 1960, huhesabu mvua kuanzia sehemu moja ya mia ya inchi, yaani takriban milimita 0.25. Hayo ni manyunyu yanayoweza kulowesha lami na kukauka kabla hujafika kituo cha matatu. Kwa hiyo asilimia 60 haisemi lolote kuhusu ukubwa wa mvua. Siku ya asilimia 90 inaweza kuwa ya rasharasha tupu, na siku ya asilimia 30 inaweza kuleta dhoruba inayofurisha mitaro. Ukitaka kujua ukubwa, tafuta nambari nyingine kwenye simu, ile inayoandikwa kwa milimita.

Mahali panataka uangalifu zaidi. Asilimia hiyo inahusu nukta moja, yaani pale ulipo au pale ulipochagua kwenye simu. Mtabiri wa eneo kubwa anaweza kuifikia kwa kuzidisha vitu viwili: uhakika wake kwamba mvua itafika katika eneo hilo, na sehemu ya eneo anayodhani itanyeshewa ikifika. Tuseme ana uhakika wa asilimia 75 kwamba mawingu ya mvua yatafika Nairobi, na anakadiria kwamba yakifika yatanyeshea asilimia 80 ya jiji. Hapo 0.75 × 0.8 ni 0.6, yaani asilimia 60. Siku nyingine anaweza kuwa na uhakika kamili kwamba mvua itakuja, lakini anaona itagusa asilimia 60 tu ya jiji. 1 × 0.6 pia ni 0.6. Siku hizo mbili ni tofauti sana ukizitazama kutoka juu ya jiji, ila kwa mtu aliyesimama kwenye kiwanja kimoja Kayole, asiyejua wingu litaangukia wapi, ni sawa kabisa: uwezekano wa kiwanja chake kulowa ni asilimia 60.

*Tahadhari.* Usisome asilimia 60 kama "asilimia 60 ya Nairobi itanyeshewa" wala "mvua itanyesha kwa asilimia 60 ya siku". Kosa hili si la watu wa hapa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahoji watu wa New York, Amsterdam, Berlin, Milan na Athens kuhusu maana ya "asilimia 30 ya mvua kesho", uligundua kwamba ni New York tu ambako wengi walitoa maana inayokusudiwa na watabiri. Kwingineko wengi walidhani ni sehemu ya siku au sehemu ya eneo. Hapa kwetu kuna jambo moja zaidi linalotuchanganya. Taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya mara nyingi hutumia maneno kama "mvua katika sehemu chache" au "sehemu nyingi", na maneno hayo kweli yanahusu ukubwa wa eneo. Ukitoka kuyasikia redioni kisha ukafungua simu, ni rahisi kuihamishia asilimia maana isiyo yake. Vitenganishe.

Hatua ya 2: Geuza hesabu kuwa asilimia

Sasa tuone nambari inavyozaliwa. Kompyuta haitabiri mara moja. Hali ya hewa ya sasa haijulikani kwa ukamilifu, kwa kuwa hakuna vipimo kila mahali, na kosa dogo la mwanzo hukua kadiri siku zinavyosonga. Kwa sababu hiyo vituo vikubwa hurudia utabiri ule ule mara nyingi, kila mara vikibadilisha kidogo hali ya kuanzia. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Masafa ya Kati, kwa mfano, kimekuwa kikiendesha nakala 51 kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kuhesabu: nakala ngapi zimeleta mvua Kayole siku ya Jumatano?

Tuseme ni nakala 31. Fanya hivi:

1. Gawanya zilizoleta mvua kwa zote: 31 ÷ 51 = 0.608. Hii ndiyo lugha ya wanahisabati, ambamo 0 ni jambo lisilowezekana na 1 ni jambo la hakika.
2. Zidisha kwa 100 ili upate asilimia: 60.8.
3. Kadiria hadi kumi iliyo karibu, kama simu nyingi zinavyofanya: 60.
4. Toa kwenye 100 ili upate upande wa pili: 40.

Hatua ndogo ya nne ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo ingemsaidia fundi. Asilimia 60 ya kunyeshewa ni asilimia 40 ya kukauka, na zote mbili zilisemwa kwa pumzi moja. Weka picha hii akilini: chukua siku kumi ambazo simu iliandika 60 kwa haki, takriban sita zitakuwa na mvua na takriban nne zitakuwa kavu. Jumatano ile ya Kayole ilikuwa mojawapo ya zile nne. Zile nakala 20 zilizoonyesha ukavu hazikuwa takataka za kompyuta. Zilikuwa sehemu ya jibu.

*Tahadhari.* Kwa kuwa nambari zimekadiriwa, usibishane juu ya tofauti ya 55 na 60. Nakala mbili au tatu tu zikibadili mawazo zinatosha kuleta tofauti hiyo. Ujue pia kwamba baadhi ya watoaji wa utabiri hawakuachii hesabu mbichi; huirekebisha kwanza kwa kuilinganisha na mvua iliyonyesha kweli siku za nyuma, kwa hiyo simu yako huenda isionyeshe sehemu kamili ya 51.

Hatua ya 3: Usijumlishe asilimia za saa

Fundi alipofungua ukurasa wa kila saa, aliona asilimia 30 saa tisa alasiri, 30 saa kumi na 30 saa kumi na moja. Akazijumlisha akapata 90, akaingiwa na hofu zaidi. Kujumlisha hivyo ni makosa, na ni rahisi kuyaona: kama kungekuwa na saa nne, jumla ingekuwa 120, na hakuna uwezekano wa asilimia 120.

Njia iliyo sahihi ni kuanza na ukavu. Ikiwa kila saa ina asilimia 30 za mvua, ina asilimia 70 za ukavu. Kama saa zile zingekuwa hazihusiani kabisa, uwezekano wa zote tatu kukauka ungekuwa 0.7 × 0.7 × 0.7 = 0.343, na uwezekano wa kunyesha walau mara moja ungekuwa 1 − 0.343 = 0.657, yaani karibu asilimia 66. Lakini saa zinahusiana. Wingu lililofika saa tisa mara nyingi bado lipo saa kumi, na likikosa kuja, linakosa kwa saa zote tatu. Kama zingefungamana kabisa, alasiri nzima ingekuwa na asilimia 30 tu. Ukweli hukaa kati ya mipaka hiyo miwili, 30 na 66.

Kutokana na hapo unapata kanuni ya haraka ya kukagua simu yako: asilimia ya siku nzima haiwezi kuwa ndogo kuliko ile ya saa iliyo juu kabisa, na kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Siku ya asilimia 60 ambayo hakuna saa yake inayozidi 30 haina ukinzani wowote. Maana yake ni kwamba mtabiri anatarajia mvua kuliko ukavu, lakini hana uhakika itaanguka saa ngapi.

Hatua ya 4: Linganisha asilimia na gharama yako

Hakuna asilimia inayokuambia cha kufanya. Inategemea utapoteza nini. Kanuni ni fupi: gawanya gharama ya kujikinga kwa hasara utakayopata ukinyeshewa bila kinga. Jibu likiwa dogo kuliko uwezekano wa mvua, jikinge.

Fundi alinipa hesabu zake. Kuahirisha kulimgharimu shilingi 15,000. Mvua ikipiga zege bichi huosha saruji ya juu, na kukwangua na kusakafia upya alikukadiria kuwa shilingi 20,000. 15,000 ÷ 20,000 ni 0.75. Kwa hiyo kuahirisha kungefaa tu kama uwezekano ungezidi asilimia 75, na siku ile ulikuwa 60. Kisha nikamuuliza bei ya karatasi ya nailoni ya kufunika slabu nzima pamoja na mbao za kuinyanyua isiguse zege. Akasema shilingi 3,000. 3,000 ÷ 20,000 ni 0.15. Nailoni ilistahili kununuliwa hata kwa asilimia 20.

Hapa ndipo kosa lake halisi lilipokuwa. Aliichukua nusu kuwa mpaka wa kila jambo, ilhali kwa kazi ile ile moja mpaka wa kuahirisha ulikuwa 75 na mpaka wa kufunika ulikuwa 15. Uamuzi uliofaa ulikuwa kumwaga slabu asubuhi na mapema, nailoni ikiwa tayari kando. Angefanya hivyo na bado ikanyesha, uamuzi ungebaki kuwa mzuri.

Hatua ya 5: Pima ukweli wa asilimia kwa kopo na daftari

Siku moja haiwezi kuthibitisha wala kukanusha asilimia 60, kwa kuwa utabiri huo unaruhusu matokeo yote mawili. Kinachopimika ni siku nyingi kwa pamoja, na hilo unaweza kulifanya nyumbani kwako.

Weka kopo mahali pa wazi, mbali na ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha ukuta au mti huo, ukiliinua kiasi cha sentimita 30 ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie. Lishindilie kwa mawe kando ili upepo usiliangushe. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Kwa kopo la mdomo wa sentimita 10 hiyo ni mililita 7.85, ambayo unaweza kuikadiria kuwa 8. Kopo lako likiwa na upana mwingine, pima nusu ya upana wa mdomo kwa sentimita, uizidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa 0.314, utapata mililita zinazolingana na milimita moja ya mvua. Fyonza maji kwa sirinji na usome. Kwa kopo letu, mililita 2 ni takriban milimita 0.25, kwa hiyo siku yenye mililita 2 au zaidi iandike "mvua", na iliyo chini ya hapo iandike "kavu".

Katika daftari chora safu nne: tarehe, asilimia, mililita, na mvua au kavu. Andika asilimia usiku uliotangulia, kabla ya kulala, na usiibadilishe tena. Ninalisisitiza hili kwa sababu simu husahihisha utabiri wake siku inavyokwenda, na ukiiandika nambari ya alasiri mawingu yakiwa tayari yametanda, hutakuwa ukipima utabiri.

Soma kopo kwa muda ule ule unaohusu asilimia. Vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua ya siku saa tatu asubuhi, ilhali siku ya simu kwa kawaida huanza saa sita usiku. Mvua iliyonyesha saa nane usiku inaweza kuingia katika siku mbili tofauti za vitabu viwili. Ikiwa simu yako inatenganisha mchana na usiku, chukua asilimia ya mchana na usome kopo saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Ukishapata siku 20 za asilimia 60, hesabu zilizokuwa na mvua. Matarajio ni 0.6 × 20 = 12. Tuseme umepata 11: 11 ÷ 20 ni 0.55, yaani asilimia 55. Huo si ushahidi wa kosa. Bahati peke yake huweza kuisogeza hesabu hiyo popote kati ya 8 na 16 bila ya mtabiri kuwa na hatia. Ukipata 5, basi una sababu ya kutilia shaka kwamba simu yako inazidisha mvua katika mtaa wako. Fanya vivyo hivyo kwa siku za asilimia 20, ambazo zinapaswa kukupa takriban siku 4 za mvua katika kila 20. Usiridhike na kundi la 60 pekee: mtabiri anayeandika 60 kila siku mahali ambapo mvua hunyesha siku sita katika kumi atakuwa mkweli katika daftari lako, na hatakuwa amekuambia lolote.

Mambo yakienda kombo

*Siku tatu mfululizo za 60 zimekuwa kavu.* Zidisha ukavu: 0.4 × 0.4 × 0.4 = 0.064, yaani karibu asilimia 6. Ni nadra, lakini katika msimu mzima hutokea. Tena siku zinazofuatana hufanana, hivyo hutokea mara nyingi zaidi ya hesabu hiyo inavyoonyesha.

*Simu mbili zinaonyesha asilimia tofauti.* Kagua kwanza kama zote zinazungumzia mahali pamoja na muda mmoja. Mara nyingi moja imewekwa "Nairobi" na nyingine imewekwa mtaa wako. Upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Karen hadi Dagoretti, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Embakasi. Mahali na muda vikiwa vinalingana na asilimia bado zinatofautiana, huenda simu hizo zinatumia kompyuta za vituo tofauti. Daftari lako litakuonyesha ipi inakufaa.

*Umesikia utabiri wa msimu ukitaja asilimia 45 za mvua nyingi kuliko kawaida.* Hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Watabiri wa msimu, kama wale wa kituo cha kanda cha ICPAC, hugawanya misimu iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: ya chini ya kawaida, ya kawaida na ya juu ya kawaida. Bila habari yoyote, kila fungu lina takriban asilimia 33. Nambari 45 inasema kwamba fungu la juu limepata nafasi kubwa zaidi ya ile 33. Haisemi kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45, na bado inaacha asilimia 55 kwa mafungu mengine mawili.

*Kopo lina matone lakini sirinji haifiki mililita 2, na nguo zilizoanikwa zimelowa.* Iandike "kavu" kwa kuwa ndivyo ulivyoamua tangu mwanzo, ila weka alama pembeni. Jua la mchana huweza kukausha maji kidogo kabla hujayapima, na sehemu yake hubaki imeshikamana na kuta za kopo. Alama hizo zikiwa nyingi, soma kopo mara tu mvua inapokatika, kisha ujumlishe mililita za kutwa nzima jioni.